Kimbunga Hidaya hakitarudi: jinsi tufani za bahari yetu zinavyopewa majina

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, ufukwe wa Bagamoyo ulijaa vyombo ambavyo kwa kawaida saa zile vingekuwa majini. Ngalawa zilikuwa zimevutwa juu kabisa, kuelekea forodha ya zamani, na mashua ambazo watu hawakuweza kuzivuta zilikuwa zimetiwa nanga mbilimbili. Redio ya simu ya mtu fulani ilikuwa inarudia tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kwamba kimbunga Hidaya kiko karibu na Mafia. Pale kwenye mabanda ya samaki, dada mmoja tunayemjua sote alikuwa amekaa mbele ya karai lisilo na moto, kwa kuwa samaki wa kukaanga hakuwapo. Jina lake ni Hidaya. Tangu Alhamisi alikuwa akitaniwa, na utani ulikuwa umemchosha.

Akaniuliza, "Kaka, nani amechukua jina langu akalipa upepo? Na hao TMA hawajui kwamba hidaya ni zawadi?"

Siku ile nilimjibu nusunusu. Swali lake ni zuri kuliko jibu nililompa, na nimeona nilimalizie hapa, maana ndani yake mna jambo ambalo wengi tunalichanganya. Tumesikia kwamba jina la tufani iliyoua watu wengi hustaafishwa, halitumiki tena. Ni kweli, ila ni kweli ya bahari nyingine. Kwenye bahari yetu kanuni ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini majina kama Hidaya, Halima, Issa na Faida yamekuwa yakisikika kwenye redio.

Nianze na TMA, kwa sababu ndiyo iliyolaumiwa bure. TMA haikukipa kimbunga hicho jina. Kazi yake ni kutuonya sisi wa Tanzania. Kutoa majina ni kazi iliyogawanywa baina ya nchi za Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO. Eneo lenyewe linaanzia pwani yetu ya Afrika hadi nyuzi 90 mashariki, katikati ya bahari kabisa. Kisiwani Reunion kuna kituo cha idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, na hicho ndicho chenye mamlaka ya kusema upepo una nguvu kiasi gani. Kutoa jina ni kazi ya wengine. Tufani ikikomaa upande wa magharibi wa nyuzi 55, yaani upande wetu na wa Madagaska, jina linatangazwa na Madagaska. Ikikomaa mashariki ya hapo, linatangazwa na Morisi. Bagamoyo iko karibu na nyuzi 39 na Mafia karibu na 40, kwa hiyo Hidaya iliangukia mikononi mwa Madagaska.

Na kukomaa kuna kipimo chake. Mfumo wa mawingu na upepo unaozunguka hauna jina hadi upepo wake, ukichukuliwa wastani wa dakika 10, ufike kilomita 63 kwa saa. Chini ya hapo unabaki na namba tu. Ukifika, hata kama bado haujafikia hadhi ya kimbunga kamili, ambayo ni kilomita 118 kwa saa, unapewa jina. Baharini kule hakuna mtu anayesimama na kipimo cha upepo. Wataalamu wanatazama picha za setilaiti, wanaangalia jinsi mawingu yalivyojikunja kuzunguka kitovu, na kwa umbo hilo wanakadiria nguvu ya upepo. Ndiyo maana saa ya kutoa jina hutegemea hukumu ya watu. Mfumo uleule unaweza kukaa saa kadhaa ukichungulia mstari huo kabla haujavushwa.

Sasa jina lenyewe linatoka wapi? Linatoka kwenye orodha iliyoandaliwa kabla. Nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, hupeleka majina, na kamati ya vimbunga ya kanda huyapanga kwa alfabeti kuanzia A hadi Z, majina 26. Kila msimu, ambao huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Juni, watu wanaanza upya kwenye A. Msimu ule wa 2023–24 ulianza na Alvaro. Kisha zikaja Belal, Candice, Djoungou, Eleanor, Filipo na Gamane. Mwanzoni mwa Mei, masika yakielekea ukingoni, mfumo mwingine ukavuka mstari, na jina lililofuata kwenye karatasi lilikuwa la herufi H. Hakuna aliyeitazama tufani ile akaona inafaa kuitwa zawadi. Jina lilikuwa limeandikwa zamani, tufani ikalikuta pale. Ingewahi kwa nafasi moja ingeitwa Gamane, na ingechelewa kwa nafasi moja ingeitwa Ialy. Na kweli Ialy ilikuja wiki chache baadaye mwezi uleule.

Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Herufi haisemi lolote kuhusu nguvu. Hidaya haikuwa kali kuliko Belal kwa sababu ya kuwa na H, wala mtu asikie tufani ya A akadhani ni ndogo. Herufi inasema jambo moja tu: hii ni ya ngapi msimu huu. Hidaya ilikuwa ya nane.

Lakini kwa nini majina? Mababu zetu waliishi na tufani bila kuzibatiza. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na kuvuka hadi huku kwetu Bagamoyo. Bandarini Unguja ilizamisha vyombo, pamoja na merikebu za Sultani Barghash. Mikarafuu ya Unguja ilianguka kwa wingi, na kwa kuwa Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, Pemba ndiyo iliyokuja kuongoza kwa karafuu miaka iliyofuata. Hapa Bagamoyo, misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyokuwa imeanzishwa miaka minne tu kabla yake ilibomolewa vibaya. Tufani hiyo haina jina hadi leo. Tunaiita kimbunga cha 1872, na tunaelewana, kwa sababu mwaka ule pwani yetu haikupata nyingine ya kufanana nayo.

Kule visiwa vya Karibiani, ambako tufani ni za kila mwaka, mwaka peke yake hautoshi. Watu wa Puerto Riko walikuwa wakiziita kwa mtakatifu wa siku ile. Tarehe 13 Septemba 1876 ilipiga tufani, wakaiita San Felipe. Tarehe 13 Septemba 1928 ikapiga nyingine, kubwa zaidi, siku ileile ya kalenda. Ikabidi nayo iitwe San Felipe, ya pili. Mzee akisema nyumba yetu iliondoka na San Felipe, inabidi umwulize ipi.

Njia nyingine ilikuwa kutaja mahali tufani ilipo kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Kwa wataalamu inafaa sana, ila kwa redio yenye mikwaruzo ni hatari, na kwa Kiswahili hatari hiyo ni kubwa zaidi. Chukua mtangazaji anayesema tufani iko nyuzi sita kusini. Nahodha aliye majini, upepo ukivuma, anasikia tisa. Maneno hayo mawili yana herufi zilezile, ila s na t zimebadilishana nafasi. Nyuzi 6 kusini ni usawa wa Unguja, na nyuzi 9 ni usawa wa Kilwa. Uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo herufi mbili zilizobadilishana nafasi zimeisogeza tufani zaidi ya kilomita 300. Hidaya na Ialy huwezi kuzichanganya hata redio ikikwaruza.

Majina ya wanawake yalianza kutumika rasmi Marekani mwaka 1953, na ya wanaume yakaongezwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwenye bahari yetu tufani zilianza kupewa majina msimu wa 1959–60. Februari 1960 kimbunga Carol kiliiharibu Morisi vibaya, na wazee wa kule bado wanahesabu umri wa nyumba kwa kusema kabla au baada ya Carol.

Sasa tuje kwenye kustaafisha. Nitachukua orodha moja ya Bahari ya Atlantiki na kuifuata, kwa sababu ukiielewa hiyo umeelewa kanuni yote. Atlantiki wana orodha sita, kila moja ina majina 21, la mwanamke na la mwanamume kwa kupokezana. Herufi Q, U, X, Y na Z hawazitumii kwa kuwa majina yake ni machache. Kila mwaka wanatumia orodha moja, na baada ya miaka sita orodha ileile inarudi. Orodha ya 2005 ilianza na Arlene. Arlene haikuwa na shida, kwa hiyo 2011 ikarudi Arlene, na 2017 Arlene, na 2023 Arlene. Kwa jumla jina hilo limetumika zaidi ya mara kumi. Kwao jina ni kama sare ya shule inayorithiwa na mdogo mtu.

Kwenye herufi K ya orodha hiyohiyo ya 2005 kulikuwa na Katrina. Agosti mwaka ule Katrina iliingia pwani ya kusini ya Marekani, kingo za kuzuia maji katika mji wa New Orleans zikapasuka, na watu zaidi ya 1,300 wakafa. Kama kanuni ingeachwa ifuate mkondo wake, mwaka 2011 mtangazaji angesoma redioni kwamba Katrina inakaribia, na aliyempoteza mama yake angesikia. Wenye kesi za bima zilizokuwa bado mahakamani wangelazimika kuandika Katrina ipi. Kwa hiyo nchi iliyoumizwa huomba jina liondolewe. Kamati ya vimbunga ya eneo hilo, ambayo ni wanachama wa WMO, hukutana kila mwaka kabla msimu mpya haujaanza. Wanazungumza, wanakubaliana, kisha wanachagua jina jipya la herufi ileile na jinsia ileile. Mahali pa Katrina pakawekwa Katia, na Katia imeshatumika 2011, 2017 na 2023.

Ukiifuata orodha hiyo mbele zaidi unaona inavyobadilika polepole. Mwaka 2017 ilikuwa na Irma kwenye I, nayo ikaondolewa kwa madhara yake. Iliporudi 2023, mahali pa Irma palikuwa na Idalia. Orodha ni ileile, ila kila msiba mkubwa umeng'oa jina moja na kupanda lingine.

Hakuna idadi ya vifo iliyoandikwa mahali kwamba ikifika hapo jina linaondoka. Ni uamuzi wa kamati, na wakati mwingine sababu si vifo. Kwenye Pasifiki ya mashariki jina Isis, la mungu wa kike wa Misri ya kale, liliondolewa mwaka 2015 kwa sababu lilikuwa limefanana na jina la kundi la kigaidi. Hakuna tufani iliyosababisha hilo.

Rudi sasa kwenye bahari yetu. Sisi tunazo orodha tatu zinazozunguka, hivyo kila orodha inarudi baada ya misimu mitatu. Mfumo huo ulianza msimu wa 2016–17. Tofauti ni moja, na ni kubwa: kwetu, jina likishatumika linaondolewa, liwe limeua au halikumgusa mtu. Linalorudi ni lile ambalo halikufikiwa.

Tazama orodha ya 2018–19. Ni ile yenye Idai, iliyoingia Beira katikati ya Machi 2019 ikaua watu zaidi ya 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na yenye Kenneth, iliyoingia kaskazini ya Msumbiji tarehe 25 Aprili. Msimu ule uliishia kwenye L. Orodha iliporudi 2021–22, mahali pa Haleh palikuwa na Halima, mahali pa Idai palikuwa na Issa na mahali pa Kenneth palikuwa na Karim. Lakini teremka chini ya orodha, kwenye R, utakuta Rajab mwaka 2018–19, na mwaka 2021–22 Rajab yuleyule. Hakuondolewa kwa sababu hakuitwa. Tufani za kwetu kwa kawaida hazifiki R, kwa hiyo wenye majina ya mwisho wa alfabeti wanakaa foleni miaka na miaka.

Mimi kanuni hii naiona bora kwa watu wa pwani kuliko ile ya Atlantiki. Haimwachii mtu kazi ya kubishana kama msiba wake ulikuwa mkubwa vya kutosha. Tazama msimu wa 2024–25. Jina la kwanza lilikuwa Ancha, tufani iliyozunguka baharini mbali na watu ikafa. Jina la tatu lilikuwa Chido, kimbunga kilichoipiga Mayote tarehe 14 Desemba 2024, kikafagia vibanda vya mabati kwenye vilima vya kisiwa kile, kisha kikaingia Msumbiji. Majina yote mawili yameondoka. Ukisikia mtu anasema kwamba jina fulani la bahari yetu limestaafishwa kwa heshima ya waliokufa, ujue amechukua desturi ya Atlantiki akaivika kwetu. Lakini kanuni yetu ina gharama yake: majina mapya yanahitajika kila mara. Huenda ndiyo sababu tunakutana na majina ya kila kabila la kanda hii. Dikeledi, ya Januari 2025, ni la Kitswana na maana yake ni machozi. Faida iliyokuja baadaye, ile iliyokwenda Madagaska, sihitaji kuitafsiri.

Kuna kisa kimoja cha mpaka wa nyuzi 90 ambacho lazima nikieleze, kwa sababu kinaonyesha majina yanavyoweza kuvuruga. Mwaka 2000 tufani ilizaliwa upande wa Australia, ikapewa jina Leon. Ilipovuka nyuzi 90 kuja upande wetu ikabadilishiwa jina ikawa Eline, na kwa jina hilo ikaingia Msumbiji mwezi Februari, nchi ikiwa tayari imejaa mafuriko. Ukitafuta habari zake za mwanzo kwa jina Eline huzipati. Utaratibu huo umeachwa. Freddy ya 2023 ilipewa jina na Australia mwanzoni mwa Februari, ikavuka bahari nzima, ikaingia Madagaska, kisha Msumbiji mara mbili, ikaua watu wengi Malawi, na kutoka mwanzo hadi mwisho ilibaki Freddy. Ndiyo maana ukisoma hesabu ya msimu wa kwetu unaweza kukuta jina lisilofuata alfabeti. Huyo ni mgeni aliyeingia na jina lake, naye hali nafasi ya mtu kwenye foleni.

Jambo moja jina haliwezi kulifanya, na hili linanigusa. Mwezi Aprili 2024, kabla Hidaya haijazaliwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba mvua na mafuriko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Mvua hizo hazikuwa na jina. Hazikuwa tufani inayozunguka kitovu, upepo wake haukupimwa kwa mstari wa kilomita 63, kwa hiyo hakuna orodha iliyofunguliwa. Leo ukimwuliza mtu yeyote hapa mjini kuhusu mwaka ule atakutajia Hidaya, ambayo iliishiwa nguvu ilipogusa Mafia, ingawa mvua zake ziliikata barabara ya Kilwa na Lindi. Wachache watakutajia zile wiki za Aprili. Jina husaidia kukumbuka, na kilichokosa jina husahaulika upesi, hata kikiwa kimezika watu wengi zaidi.

Mwaka jana nilipita tena pale mabandani. Mafuta yalikuwa yanachemka, changu wamepangwa kwenye sinia, na dada yangu akanikumbusha kwamba sikuwahi kumjibu vizuri. Nikamweleza yote haya, kifupi, huku akigeuza samaki. Alisikiliza habari za Madagaska na Reunion bila kuonyesha kujali sana. Alilotaka kujua lilikuwa moja.

"Kwa hiyo likija lingine litaitwa Hidaya tena?"

Nikamwambia hapana. Jina limeshatumika, limeondolewa. Orodha ile ikirudi, kwenye H atakuwapo mwingine.

Akafunga samaki wangu kwenye gazeti. "Basi wamenirudishia," akasema, na akamwita mteja aliyefuata.